Tiketi yenye kishina: nambari, matundu na muhuri

Mfano wangu ni tiketi 400 za tamasha la kwaya hapa Kirumba, Mwanza. Tunatumia manila ya A4, tiketi nne kila karatasi, moja chini ya nyingine. Kishina kiko kushoto, milimita 60, nacho hubaki kwenye kitabu cha muuzaji.

1. Panga nambari kabla ya kuchapa. Nambari ikae mara mbili, kwenye kishina na kwenye tiketi. Usiweke 001, 002, 003, 004 kwenye karatasi moja. Mimi niliwahi kufanya hivyo, nikakesha nikizipanga upya kwa mkono. Karatasi ya kwanza iwe na 001, 101, 201 na 301. Ya pili 002, 102, 202 na 302. Ukishakata rundo lote, unapata mafungu manne yaliyokwisha kujipanga, na kila fungu linatoa vitabu vinne vya tiketi 25.

2. Ongeza tarakimu ya siri. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 3, ya pili kwa 7, ya tatu kwa 1, jumlisha, kisha chukua tarakimu ya mwisho. Kwa 237 ni 6 + 21 + 7 = 34, hivyo unachapa 237-4. Kwenye Excel, safu ya A ikiwa maandishi ili sifuri za mbele zisipotee:

```
=RIGHT(3*MID(A2,1,1)+7*MID(A2,2,1)+MID(A2,3,1),1)
```

Hii inamnasa anayebuni nambari kichwani. Anayenakili tiketi halali haimgusi.

3. Toboa kabla ya kukata. Kama huna mashine ya matundu, cherehani bila uzi inatosha. Pitisha karatasi mbili mbili, mstari mmoja toka juu hadi chini, tiketi zote nne zinatobolewa kwa pamoja. Acha milimita 3 kati ya tundu na tundu; yakibanana, tiketi itachanika mfukoni.

4. Muhuri juu ya matundu. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi. Gonga muhuri wa wino wa maji katikati ya mstari, nusu iangukie kishina na nusu tiketi. Mkono haugongi sawa mara mbili: mmoja umeinama, mwingine umefifia pembeni. Ukilowesha kidole na kusugua, wino huo unachafuka, ila kopi ya mashine ya leza haichafuki. Kopi ya printa ya wino wa maji inaweza kuchafuka vilevile, kwa hiyo usiishie kwenye kidole.

5. Mlangoni. Mpe mlinzi orodha ya nambari, akate kila inayoingia. Ikija 237-4 mara ya pili, wote wawili wasubiri pembeni, muuzaji alete kitabu. Tiketi halisi ndiyo ambayo nusu ya muhuri wake inaungana na ya kishina, na nyuzi za manila zilizochanika zinaingiliana.