Kuchambua Al-Inkishafi kwa insha fupi: mizani, dhamira na hadhira

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi aliyekwama kwenye utenzi huu wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Insha yake ilisimulia beti zote, na hiyo si uchambuzi.

Hatua ya 1: Chagua beti mbili.
Chukua ule unaoanza "Nyumba zao mbake zikinawiri", kisha huu unaokuja baadaye:

Nyumba zao mbake ziwele tame
makinda ya popo iyu wengeme
husikii hisi wala ukeme
zitanda matandu walitandiye

Hatua ya 2: Hesabu mizani.
Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Hesabu kwa kalamu na karatasi, ukisoma kwa sauti. Macho peke yake hudanganya. Nyu-mba-za-o-mba-ke ni 6, zi-we-le-ta-me ni 5, jumla 11. "Mba" na "nda" ni silabi moja moja, lakini irabu mbili zinazofuatana huhesabiwa mbali: hu-si-ki-i. Ukipata hesabu tofauti, kagua matini kabla ya kumlaumu mshairi. Wako wanaosanifisha Kiamu, lahaja ya Lamu, na "ziwele" ikishageuzwa "zimekuwa", kipande cha pili kinafika 6 na mizani imevunjika. Mimi nasisitiza matini ya Kiamu, na kamusi pembeni. Usianzie ubeti wa kwanza wenye bismillahi, kwa sababu silabi za Kiarabu zinazoishia kwa konsonanti huzua ubishi wa hesabu.

Vina ni -me, -me, -me, kisha -ye, na hiyo -ye ndiyo inayofunga beti za utenzi.

Ukiishia kwenye hesabu, hujachambua kitu. Linganisha mistari miwili ya kwanza ya beti zako: mizani 6 za mwanzo ni zilezile, "Nyumba zao mbake". Kilichobadilika ni zile 5 za mwisho, "zikinawiri" kuwa "ziwele tame", yaani kutoka kung'aa hadi kuwa tupu bila watu. Nyumba haijahama mahali pake katika mstari. Mwanga ndio ulioondoka. Hoja hiyo moja inatosha aya nzima.

Hatua ya 3: Taja dhamira.
Usiandike "kifo" ukaishia hapo. Dhamira ni ghururi ya dunia, na ithibati yake ni vitu: makinda ya popo yananing'inia juu, utando wa buibui umetanda, na sauti ya "tand" inarudi mara tatu katika mstari mmoja kana kwamba nayo inatanda.

Hatua ya 4: Tenganisha anayeambiwa na anayelengwa.
Mshairi anausemesha moyo wake. Wengi huandika "hadhira ni Waislamu wote", jibu pana mno. Utajiri unaotajwa ni wa wakwasi wa Pate, na magofu ni ya mji wao. Msikilizaji wa karibu ni yule aliyeyajua majumba hayo. Kwa kujikemea mwenyewe, mshairi anamfikia bila kumnyooshea kidole.

Hatua ya 5: Andika.
Aya tatu. Anza na mizani, kwa kuwa dhamira yako imetoka humo.