Kabla ya kumtajia msaili kichujio cha Bloom

Msaili wa kazi ya programu akikuuliza utajuaje kama ufunguo fulani umewahi kuonekana kati ya mamilioni mia moja, jina la kichujio cha Bloom, safu ndogo ya biti inayokumbuka kilichoingia bila kukihifadhi chenyewe, huja mdomoni haraka. Kulitaja ni rahisi. Wengi hukwama kwenye swali linalofuata: kikijibu “ndiyo” kimakosa, nani anaumia? Maandalizi yote ninayoyaeleza hapa yanazunguka swali hilo, kwa sababu ndilo linaloamua kama chombo hiki kinafaa au hakifai.

Kwanza hakikisha unaweza kukichora kwa mkono, bila kompyuta. Chora biti kumi, nambari 0 hadi 9, zote zikiwa sifuri. Kila neno linapoingia, hashi tatu, yaani kanuni zinazogeuza neno kuwa nambari, hulipangia nafasi tatu, na biti za nafasi hizo zinawashwa kuwa 1. Tuseme “meza” imepata nafasi 1, 4 na 8, na “kiti” kikapata 4, 6 na 9. Maneno yenyewe hayahifadhiwi popote. Kinachobaki ni biti tano zilizowaka. Sasa uliza kuhusu “taa”, ambayo hashi zake zinaangukia 2, 4 na 6. Biti ya 2 ni sifuri. Kama taa ingewahi kuingia, biti hiyo ingekuwa imewaka, kwa hiyo tuna uhakika kamili kwamba haimo. Kisha uliza kuhusu “dirisha”, lenye nafasi 1, 6 na 9. Zote zimewaka, na kichujio kinajibu kwamba limo, ilhali hatukuliingiza kamwe: biti ya 1 iliwashwa na meza, za 6 na 9 ziliwashwa na kiti. Hiyo ndiyo chanya ya uongo, na mchoro huu unaonyesha inakotoka vizuri kuliko maelezo marefu. Unaonyesha pia kwa nini hasi ya uongo haitokei katika kichujio kilichojengwa sawasawa: biti ikishawaka, hakuna kinachoizima.

Kwa hiyo “hapana” ya kichujio ni neno la mwisho, lakini “ndiyo” yake ni “huenda”. Mwambie msaili maneno hayo hayo.

Jambo la pili ni kujua kuna nini nyuma ya kichujio. Burton Bloom alipoeleza wazo hili mwaka 1970, mfano wake ulikuwa programu ya kukata maneno mwishoni mwa mstari. Maneno mengi, kama asilimia 90, yangeweza kukatwa kwa kanuni rahisi. Yaliyobaki yalihitaji kutafutwa kwenye kamusi iliyokaa diskini, na diski ni ya polepole, kwa hiyo maneno hayo yaliyobaki ndiyo yaliyoingizwa kwenye kichujio, kiulizwe kabla ya kwenda diskini. Kichujio kikikosea, programu inakwenda diskini bila sababu, inakuta neno halimo, inarudi na kutumia kanuni rahisi. Jibu la mwisho bado ni sahihi. Kilichopotea ni muda kidogo tu.

Mpango huo huo ndio unaokifanya kichujio kikae vizuri ndani ya hifadhidata kama Cassandra na RocksDB. Hizi huandika data kwenye mafaili ambayo hayabadilishwi tena baada ya kuandikwa, na ufunguo mmoja unaweza kuwa katika faili lolote kati ya mengi. Tuseme kuna mafaili kumi na ufunguo unaoutafuta umo katika moja tu. Bila kichujio unaweza kujikuta umefungua yote kumi. Kila faili likiwa na kichujio chake chenye kosa la asilimia 1, yale tisa yasiyohusika yatakusababishia wastani wa safari 0.09 za bure badala ya 9. Tena faili lisilobadilika lina idadi ya funguo inayojulikana tangu mwanzo, wala hakuna ufunguo utakaofutwa ndani yake. Udhaifu mkubwa wa kichujio, yaani kujaa kupita kiasi na kushindwa kufuta, haupati nafasi hapo. Ningependa kila anayejiandaa aanze na mfano huu kabla ya mwingine wowote.

Linganisha na roboti inayotembelea kurasa za mtandao, ikitumia kichujio kukumbuka anwani ilizokwishapita. Hapa “ndiyo” ya uongo ina maana kwamba ukurasa mpya unarukwa, na hakuna kumbukumbu itakayoonyesha kwamba umerukwa. Kwa roboti hilo pengine linavumilika. Lakini badilisha kurasa ziwe maombi ya malipo, na kichujio kiwe kinazuia ombi lisipite mara mbili: sasa umekataa malipo halali ya mtu ukidhani ni marudio. Hapo kichujio peke yake hakifai. Unaweza kukiacha mbele kama mlango wa haraka, mradi kila “ndiyo” ithibitishwe kwenye hifadhidata kabla ya kukataa chochote.

Fanya hesabu ya ukubwa mara kadhaa nyumbani mpaka izoeleke. Ukitaka kosa la asilimia 1, unahitaji biti 10 hivi kwa kila ufunguo, haidhuru ufunguo wenyewe ni mrefu kiasi gani.

```python
import math
n, p = 100_000_000, 0.01
m = math.ceil(-n * math.log(p) / math.log(2) ** 2)
k = round(m / n * math.log(2))
print(m, k)  # 958505838 7
```

Hapo `n` ni idadi ya funguo, `p` ni kosa unalolikubali, `m` ni idadi ya biti na `k` ni idadi ya hashi. Biti milioni 959 ni takriban megabaiti 120. Funguo hizo hizo, kila mmoja ukiwa na baiti 16, zingekula gigabaiti 1.6 kabla hata ya kuhesabu gharama za jedwali linalozibeba. Ukitaka kosa lishuke hadi asilimia 0.1, ongeza biti kama 5 kwa kila ufunguo.

Sasa fika mahali ambapo hata wenye uzoefu huteleza. Asilimia 1 hiyo ni ya nini? Si ya majibu yote, wala si ya majibu ya “ndiyo”. Ni ya maswali yanayohusu vitu visivyokuwemo. Chukua maswali 1,000,000, ambayo 10,000 yanahusu funguo zilizomo na 990,000 yanahusu zisizokuwemo. Kichujio kitasema “ndiyo” kwa zile 10,000, na kitakosea kwa asilimia 1 ya 990,000, yaani 9,900. Jumla ya “ndiyo” ni 19,900, na karibu nusu yake ni za uongo! Bado kichujio kimefanya kazi nzuri mno, maana kimezuia safari 980,100. Ila ukimwambia msaili kwamba “ndiyo” ni ya kweli kwa asilimia 99, umekosea vibaya. Geuza hesabu: kama 900,000 kati ya maswali hayo yanahusu vitu vilivyomo, kichujio kinazuia safari 99,000 tu, chini ya moja kati ya kumi, na pengine hakistahili kuwekwa kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kupendekeza chochote, uliza sehemu gani ya maswali huishia “haimo”.

Kujaa nako kunahitaji jibu. Kichujio chetu kilipimwa kwa funguo milioni 100. Hakikatai kuingiziwa zaidi, wala hakitoi onyo. Kikifika milioni 200, kosa linapanda hadi kama asilimia 16. Kikifika milioni 300, kama asilimia 44. Dalili unaweza kuipima: katika kiwango kilichokusudiwa, takriban nusu ya biti zimewaka, na kwenye milioni 200 zimewaka kama asilimia 77. Pima pia mara ngapi kichujio kilisema “ndiyo” na diski ikarudi mikono mitupu. Huwezi kukipanua kwa kunyoosha safu, kwa kuwa funguo za awali hazimo ndani yake ili zihashiwe upya. Unakijenga tena kutoka kwenye data asilia, au unaweka kichujio kipya pembeni kwa ajili ya funguo mpya na kuuliza vyote viwili, ukijua kwamba makosa yao yanajumlishwa.

Kufuta je? Rudi kwenye mchoro. Ukizima biti za kiti, utazima na ile ya 4, na meza itaonekana haimo. Umezalisha hasi ya uongo, na ahadi pekee ya kichujio imevunjika. Tiba ya kawaida ni kuweka kihesabio kidogo mahali pa kila biti. Kikiwa cha biti 4, kumbukumbu inayohitajika inakuwa mara nne. Ahadi hiyo huvunjika pia kwa njia isiyotarajiwa katika Python. Kitendakazi `hash()` kinapopewa maandishi hutoa nambari tofauti kila programu inapowashwa upya, labda uwe umeweka `PYTHONHASHSEED`. Ukihifadhi kichujio diskini na kukisoma kesho, funguo zako zitaonekana hazimo, na majaribio yaliyoandikwa ndani ya programu moja yatapita yote. Tumia hashi isiyobadilika, kama zile za `hashlib`.

Ndugu wengine wa familia hii wajue kwa swali wanalolijibu. Msaili akiuliza ni wageni wangapi tofauti wamefika, bila kutaka kujua ni nani, anatafuta HyperLogLog. Ile ya Redis hutumia kama kilobaiti 12 tu na kosa lake la kawaida ni asilimia 0.81, juu au chini. Akiuliza neno fulani limetokea mara ngapi ndani ya mkondo mkubwa, ni Count-Min Sketch, ambayo inaweza kuzidisha hesabu lakini haiipunguzi. Mwelekeo wa kosa ndio wa kukumbuka hapa pia.

Dalili kwamba anakitaka kichujio cha Bloom ni nne zikikutana: seti ni kubwa kuliko kumbukumbu uliyopewa, swali ni “imo au haimo”, majibu mengi ni “haimo”, na nyuma kuna kitu cha polepole kinachoweza kuthibitisha. Akikuambia funguo ni milioni moja, za baiti 16 kila moja, hizo ni megabaiti 16 tu za funguo zenyewe. Tumia seti ya kawaida, mweleze kwa nini, na uendelee na sehemu inayofuata ya swali.