Jinsi ya kuomba ruhusa ya kufuata dawa za ARV bila kumweleza meneja unaumwa nini

Anzia kliniki. Kabla hujaondoka na dawa zako, muulize muuguzi utarudi lini na utapimwa lini wingi wa virusi. Mtu ambaye dawa zimemkubali mara nyingi hupewa za miezi 3 au 6 kwa mkupuo, kwa hiyo huenda unahitaji siku 2 hadi 4 tu kwa mwaka. Ombi lenye tarehe chache zinazojulikana hupita kwa urahisi kuliko la "nitakuwa naenda hospitali mara kwa mara", ambalo humfanya meneja aanze kuuliza.

Kisha omba barua ya daktari. Siri huweza kuvujia hapa: maneno yamefichwa vizuri, lakini muhuri umetaja kliniki ya VVU. Omba karatasi yenye jina la hospitali nzima, na muhuri wa hospitali. Isome palepale, uhakikishe haina jina la dawa wala namba yako ya kliniki. Kadi ya mahudhurio usiitoe kabisa, hata nakala.

Sasa mwandikie meneja:

"Naomba ruhusa ya nusu siku tarehe 28 Machi kwa ajili ya miadi ya matibabu. Miadi hii hurudi kila baada ya miezi 3. Nitakujulisha kila tarehe wiki 2 kabla, na kazi zangu za asubuhi hiyo nitazikamilisha siku iliyotangulia. Nimeambatanisha barua ya daktari."

Kwenye fomu ya likizo na kalenda ya ofisi andika "miadi ya matibabu", basi. Usizue msiba wala ugonjwa mwingine. Uongo ukigundulika unaweza kukuletea kosa la nidhamu ambalo ukimya usingekuletea. Akiuliza unaumwa nini, mjibu: "Ni matibabu ya kawaida ya kufuatilia afya, na daktari ameshathibitisha kwenye barua." Akisisitiza, omba suala lihamie kwa ofisa utumishi au daktari wa kampuni. Pendekezo namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema mfanyakazi asilazimishwe kutaja hali yake ya VVU. Kila nchi ina sheria yake, lakini msimamo huo unaweza kuutaja ofisa utumishi akikubana. Ila kuutaja mbele ya meneja ni sawa na kujitangaza.

Chagua tarehe kwa kuhesabu vidonge. Ukianza chupa ya vidonge 90 tarehe 5 Januari, kimoja kwa siku, cha mwisho ni cha tarehe 4 Aprili. Ukienda tarehe 28 Machi, baada ya kumeza cha siku hiyo unabaki na 7. Hiyo wiki ndiyo nafasi yako endapo ruhusa itasogezwa mbele. Ikikataliwa kabisa, ipigie kliniki simu siku hiyohiyo: baadhi huruhusu mtu unayemwamini akuchukulie, au hufungua Jumamosi. Siku ya kupima damu foleni huwa ndefu, hivyo omba siku nzima.