Somo: Maswali ni yale yale kwa wote, alama zinaachana wapi?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbagala alinipigia akitoka kwenye usaili wa mahojiano. Aliniambia, "Mama, maswali yalikuwa mepesi, nimeyajibu yote." Nikamuuliza kila swali lilikuwa na vipengele vingapi. Kimya. Hapo nikajua somo la leo.

Nimekaa kwenye majopo ya usaili hapa Dar kwa miaka kadhaa kama mjumbe mwalikwa wa fani ya kumbukumbu na masijala. Sitawaletea maswali, wala karatasi ya alama ya taasisi yoyote. Mfano wa hapa chini nimeutengeneza mwenyewe, ila unafanya kazi kama karatasi za kweli zinavyofanya.

Hatua ya kwanza: ujue mjumbe ameshika nini mkononi

Ukiingia utakuta watu watatu, wanne au watano, kila mmoja na karatasi yake. Juu yake kuna namba yako, halafu maswali kwa mpangilio, na chini ya kila swali kuna mwongozo wa majibu wenye alama za kila kipengele. Mjumbe anasikiliza, anaandika ulichosema, anatoa alama peke yake. Kulinganisha kunakuja baadaye. Watatu wakikupa 8, 9 na 7 kwa swali la alama 10, wastani wako ni 8. Mmoja akitoa 4 wakati wengine wametoa 8, kila mtu anafungua maandishi yake na kuonesha alisikia nini.

Hapo ndipo mengi yanapopotea. Mjumbe anaweza kukuona una akili, anaweza hata kukupenda, lakini kama kipengele hukukitamka hana cha kuandika. Wasifu wako kwenye Ajira Portal ulikufikisha mlangoni. Haujibu swali la tatu kwa niaba yako.

Na kwa kuwa maswali lazima yafanane kwa wote, jopo haliwezi kukuongoza. Litarudia swali, litauliza "Una la kuongeza?", basi. Likikuuliza hivyo, usikimbilie kusema "hapana". Mara nyingi ni nafasi ya mwisho ya kufikia kipengele ulichokiruka.

Hatua ya pili: tambua aina ya swali kabla hujafungua mdomo

Kuna maswali ya ujuzi na maswali ya tukio. La ujuzi ni kama: "Eleza hatua tano utakazofuata barua inapoingia masijala." Hapa wanahesabu. Unapokea, unagonga muhuri wa tarehe, unasajili kwenye rejista ya barua zinazoingia, unaiweka kwenye faili lake na kuipa namba ya folio, unalipeleka faili kwa afisa mhusika na kuandika mwenendo wake. Ukitaja tatu kwa ufasaha wa hali ya juu, umepata tatu. Ukitaja nane, bado ni tano. Hesabu kwa vidole chini ya meza, hakuna atakayekucheka.

Angalia pia kitenzi. "Taja" ni kutaja. "Fafanua" inataka sentensi moja au mbili kwa kila hoja, na mtu aliyetaja tu kwenye swali la kufafanua anaondoka na nusu ya alama.

La tukio ndilo linalowaangusha wengi, hasa wale waliokariri. Nitakaa hapo.

Hatua ya tatu: jibu la tukio, kipengele kwa kipengele

Chukua nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu. Swali: "Tueleze tukio ulilolazimika kutatua tatizo la kikazi kwa muda mfupi. Ulifanya nini na matokeo yalikuwa nini?" Karatasi yangu ya mfano ina alama 10: tatizo na mazingira yake 2, hatua alizochukua yeye mwenyewe 4, sababu za uamuzi wake 2, matokeo na alichojifunza 2.

Msailiwa wa kwanza anasema: "Mimi ni mchapakazi na najua kufanya kazi chini ya shinikizo. Nikiwa fildi kulikuwa na changamoto nyingi za mafaili, tukashirikiana na wenzangu, tukazitatua kwa wakati na mkuu wetu akafurahi."

Limesikika vizuri, sivyo? Sasa tusahihishe. Tatizo: "changamoto nyingi za mafaili", 1. Hatua zake: hakuna hata moja. "Tukashirikiana" haina mtu ndani yake, 0. Sababu: 0. Matokeo: mkuu alifurahi, 1. Jumla 2 kati ya 10. Atatoka akisema swali lilikuwa jepesi.

Wa pili naye alikuwa fildi, masijala ya halmashauri:

"Saa tatu asubuhi afisa utumishi aliomba faili binafsi la mwalimu anayestaafu, lilihitajika kabla ya saa nane mchana. Halikuwepo kwenye rafu. Nilifungua rejista ya mwenendo wa mafaili, nikaona mara ya mwisho lilikwenda kwa afisa mmoja wiki tatu nyuma na halikurudi. Afisa huyo alikuwa likizo. Nilimwendea katibu muhtasi wake, akaniambia lilipelekwa uhasibu mkono kwa mkono. Nilikwenda uhasibu, nikalipata saa tano, nikaandika mwenendo wake kwenye rejista ndipo nikalipeleka. Baadaye nilimwomba msimamizi wangu tufanye sensa ya mafaili ya ofisi zote mbili, tukakuta mengine yaliyohama bila kuandikwa. Nilijifunza kwamba faili likihama mkono kwa mkono, rejista inakuwa ya uongo."

Tatizo lina muda, lina faili, lina mwombaji: 2. Hatua zinahesabika, na zote ni "nilifungua, nilimwendea, nilikwenda, niliandika": 4. Matokeo na somo: 2. Sababu za uamuzi: hapa ninampa 1, kwa kuwa somo lake linadokeza tu kwa nini aliandika rejista kwanza. Ana 9. Angeongeza sentensi moja, "Sikufungua faili la muda mara moja kwa sababu nyaraka zingegawanyika sehemu mbili na hesabu ya mafao ingeweza kukosewa," angemaliza.

Tukio lake ni dogo, halina ushujaa. Wasailiwa wanatafuta tukio kubwa la kuwashangaza wajumbe, wakati mwongozo hauna alama za kushangaza. Jibu hilo ukilisoma kwa sauti halifiki dakika mbili.

Nyumbani fungua tangazo la kazi, soma "majukumu" mstari kwa mstari, na kwa kila jukumu jiulize ni lini ulilifanya au ulifanya linalofanana nalo. Matukio matano au sita yanatosha. Yaandike kwa vitenzi vya nafsi ya kwanza umoja, kisha yaseme kwa sauti ukiwa na saa. Usiyakariri neno kwa neno. Swali likija limegeuzwa kidogo, aliyekariri anajibu swali la jana.

Hatua ya nne: usiache swali tupu

Tuseme maswali matano, kila moja alama 20. Msailiwa aliyeng'ara matatu na kuganda mawili: 18, 18, 17, 5, 4, jumla 62. Wa kawaida aliyepata 14 kila swali ana 70. Yule wa kwanza ndiye jopo litakayemkumbuka jioni, wa pili ndiye atakayekuwa juu kwenye orodha. Kwa hiyo usitumie dakika nane kwenye swali unalolipenda ukabakiza mbili kwa yaliyobaki. Na kila swali linajitegemea. "Kama nilivyosema kwenye swali la kwanza" haihamishi alama. Sema tena, kwa kifupi, upande unaohusu swali hili.

Vyeti sitaviongelea sana: halisi, si hati za matokeo, na kitambulisho. Soma tangazo la kuitwa kwenye usaili mpaka mstari wa mwisho, maana kuna wanaorudishwa getini kabla hawajamwona mjumbe yeyote.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Temeke: Shikamoo mama. Mimi sina ajira hata moja, fildi nilifanya miezi miwili tu. Matukio nayatoa wapi?*

Marahaba mwanangu. Miezi miwili ni mingi kama uliangalia kazi. Vilevile mweka hazina wa kikoba aliyegundua daftari na fedha havilingani ana tukio la uadilifu lililokamilika, alimradi aseme aligunduaje, alimwambia nani na pengo lilizibwaje. Ukitumia tukio la nje ya ofisi, malizia kwa sentensi inayolirudisha kwenye kazi unayoomba. Usibuni. Mjumbe wa fani anajua rejista inakaa wapi na nani huigusa, na jibu la kubuni hukwama kwenye vitu vidogo kama hivyo.

*Mwanachama wa Mbezi: Kama maswali ni yale yale, si bora nisubiri wanaotoka waniambie?*

Kwanza, mara nyingi hamtakutana, wanaotoka hawarudishwi mlipo. Pili, nimeona asubuhi moja wasailiwa wanne mfululizo wakileta hoja zile zile, kwa mpangilio ule ule, pamoja na kosa moja lile lile. Wote wanne walikosa alama ya kipengele hicho hicho. Halafu swali la tukio hata ukiambiwa, tukio la mwenzako huna.

*Mwanachama wa Kigamboni: Nikikumbuka sehemu niliyosahau tukiwa tumeshahamia swali lingine?*

Omba, kwa heshima na kwa sentensi moja: "Naomba niongeze hoja moja kwenye swali la pili." Majopo mengine huruhusu mwishoni, mengine hayaruhusu. Dawa yake iko mwanzoni: swali likisomwa, rudia vipengele vyake kwa sauti, "Nitaeleza nilichofanya, kisha matokeo." Likiwa refu, omba lirudiwe. Hakuna alama inayokatwa kwa hilo.

*Mwanachama wa Kinondoni: Mama, Kiswahili au Kiingereza?*

Ukiruhusiwa kuchagua, chagua ile unayoweza kusimulia bila kutafuta maneno. Nimewahi kumsikiliza binti akihangaika na Kiingereza kwenye tukio alilolijua kama kiganja chake. Hatua zake tatu hazikufika mezani, nami sikuwa na mahali pa kuziandika.

*Huyo huyo: Mmoja wao hakuniangalia hata mara moja, ameinamisha kichwa muda wote. Nimefeli?*

Alikuwa anaandika. Ukiona kalamu imesimama wakati bado unaongea, hapo ndipo ujiulize kama umetoka nje ya swali.