Somo: Kuipanga droo ya fundi simu kwa gridi ya milimita 42

Wengi mmeona picha za visanduku vya Gridfinity vikiwa vimejipanga kwenye droo, kisha mkapakua faili na kuanza kuprinti kwa printa ya 3D. Shida ni kwamba droo zetu hazitoki kiwandani. Nyingi zimeundwa na mafundi wa mbao, kama wale wa Kibuye hapa Kisumu, kwa ukubwa ambao mteja alitaka siku hiyo. Kwa hiyo leo nazungumzia vipimo tu, maana droo ikishapimwa vizuri, kazi iliyobaki ni ya printa.

Kwanza huo mfumo wenyewe. Aliyeutoa mwaka 2022 ni Zack Freedman, akauachia watu wote bure. Unasimama juu ya namba mbili: kila mraba wa gridi una upande wa milimita 42, na kimo kinahesabiwa kwa vipande vya milimita 7. Chini ya droo unalaza bamba lenye miraba, na visanduku vinakaa juu yake kwa vitako vilivyokatwa mshazari. Kisanduku chenyewe hakina milimita 42 kamili, bali 41.5. Ile nusu milimita ndiyo inayokuwezesha kukiinua kwa vidole viwili bila kuvuta na majirani zake. Kikichukua miraba miwili kinakuwa 83.5, mitatu 125.5. Yaani zidisha 42 kwa idadi ya miraba, kisha toa nusu.

Hatua ya 1: Pima ndani ya droo, si nje. Pima upana sehemu tatu: mbele, katikati na nyuma. Fanya vivyo hivyo kwa urefu. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kwa sababu plaiwudi hupinda, na droo inaweza kuwa pana mbele na kubana nyuma. Kimo pima kutoka sakafu ya droo hadi ubao ulio juu yake droo ikiwa imefungwa. Usiishie kwenye ukingo wa droo tu. Kuna droo ambazo ubao wa juu umeshuka chini ya ukingo kwa mbele, na hapo visanduku vitakwaruza kila unapofunga.

Hatua ya 2: Gawanya kwa 42. Tuchukue droo ya meza ya fundi simu: upana 430, urefu kwenda nyuma 350, kimo 75. Upana ukiugawanya kwa 42 unapata miraba 10, ambayo ni 420, na inabaki milimita 10. Urefu unatoa miraba 8, ambayo ni 336, na zinabaki 14.

Hayo mabaki ndiyo watu huyapuuza, kisha bamba linateleza kila droo inapovutwa. Kuna wanaoyaingiza kwenye bamba lenyewe kwa kuongeza ukingo wa plastiki. Mimi napendelea mbao: kipande cha plaiwudi ya milimita 9 kikisimamishwa ubavuni kinakula karibu zile 10 zote, na cha milimita 12 kinakaa nyuma. Ni rahisi kuliko filamenti, na ukibadilisha meza unabadilisha vipande hivyo tu.

Hatua ya 3: Kata bamba lienee kwenye printa. Printa nyingi za bei nafuu zina kitanda cha milimita 220 kwa 220. Miraba mitano ni 210, inaenea. Sita ni 252, haiingii. Droo yetu ya 10 kwa 8 basi inakuwa mabamba manne ya 5 kwa 4. Kwa wanaotumia OpenSCAD na faili za gridfinity-rebuilt, ni mistari mitatu:

```
gridx = 5;
gridy = 4;
style_plate = 0;
```

Hayahitaji gundi. Yakibanwa na vile vipande vya plaiwudi hayana pa kwenda.

Hatua ya 4: Kimo. Hapa tulia kidogo. Bamba la kawaida halili kimo, kwa sababu kitako cha kisanduku kinazama ndani yake hadi karibu na sakafu ya droo. Kinachokula kimo ni ukingo wa juu, ule unaoshika kisanduku kingine ukivipanga ghorofa. Una takriban milimita 4.4, na hauhesabiwi ndani ya zile 7.

Droo yetu ina 75. Vipande 10 ni 70, ukiongeza ukingo ni 74.4. Kwenye karatasi inaingia, lakini nafasi ya nusu milimita kwenye droo ya mbao ni kutafuta ugomvi. Chukua 9: 63 na ukingo, 67.4. Uzuri ni kwamba kisanduku cha 6 kikibebeshwa cha 3 juu yake vinafika palepale pa 9, kwa kuwa ukingo wa chini unamezwa na kitako cha juu. Chini weka skrini, juu skrubu.

Hatua ya 5: Jaribu kwa mraba mmoja. Kabla ya bamba kubwa, printi bamba la mraba mmoja na kisanduku kimoja. Kiachilie: kinatakiwa kushuka chenyewe kwa uzito wake. Ukilazimika kukisukuma, geuza vipande vyote viwili ukague upande uliogusa kitanda. Mara nyingi tabaka la kwanza limebanwa sana likatanuka nje kama kanyagio. Kwenye PrusaSlicer weka `Elephant foot compensation` 0.2, kwenye Cura weka `Initial Layer Horizontal Expansion` -0.2. Usipunguze ukubwa wa kisanduku kizima, utaharibu gridi.

Hatua ya 6: Panga vitu kabla ya visanduku. Skrini nyingi za simu zinalala vizuri kwenye 2 kwa 4, ambacho ndani kina kama 81 kwa 165. Bisibisi ndogo na kibano, 1 kwa 4. Skrubu, 1 kwa 1, kila aina ya simu na chake. Chora miraba 80 kwenye karatasi ya hesabu uvipange humo kwanza.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mimi niko Kakamega na sina printa. Naweza kutumia mbao?*

Unaweza, ndugu. Vile vitako vya mshazari sahau. Tengeneza visanduku vya chini bapa kwa kanuni ileile ya 42 kutoa nusu, uvijaze droo nzima ili vishikane vyenyewe. Baadaye ukipata vya plastiki vitakaa pamoja navyo, ila havitapandana ghorofa.

*Sumaku ni lazima? Nimeona visanduku vina matundu chini.*

Kwa droo, hapana. Matundu hayo ni ya sumaku za milimita 6 kwa 2, na zinafaa kama bamba linasimama ukutani au liko ndani ya gari. Bamba lenye sumaku huwa nene zaidi, kwa hiyo ile hesabu ya kimo itabidi uirudie.

*Nataka ya jikoni, ya vijiko na miiko. Itafaa?*

Vijiko sawa, mama. Kisanduku cha 1 kwa 5 kina kama milimita 207 ndani, na kijiko cha kawaida kinaingia. Pima chako kirefu kwanza. Mwiko ndio mgumu, kwa kuwa kisanduku chake hakienei kwenye kitanda cha printa. Printi viwili vifupi vilivyo wazi upande mmoja, uvielekeze vikitazamana. Lakini usivioshe kwa maji ya moto: plastiki ya PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na kitako kikipinda hakikai tena. Na usiweke chakula kisichofungwa humo, maana ile mifereji ya matabaka inashika uchafu ambao sifongo haufikii.

*Gharama je?*

Slaisa inakuonyesha gramu kabla hujaprinti. Gawanya bei ya kilo kwa 1,000, zidisha kwa gramu hizo. Ukiona bamba linakula sana, hakikisha umechagua lile lisilo na sakafu.

*Stima ikipotea katikati?*

Kama printa yako ina uwezo wa kuendelea ilipoachia, bamba litaokoka iwapo halijabanduka kitanda kilipopoa. Kisanduku kirefu mara nyingi kinabaki na mstari mahali ilipokatikia. Kitumie tu kwa skrubu.