Angalia VRN kabla hujampa mtu oda kubwa

Ukitaka kupima ukubwa wa kampuni ya Tanzania, omba risiti yake ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. TIN, namba ya mlipakodi, haikwambii mengi, hata mwenye duka dogo anayo. Tazama mstari wa VRN, namba ya usajili wa VAT. Tangu Julai 2023, kujisajili ni lazima mauzo yanayotozwa VAT yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka.

Tuseme msambazaji wa saruji anajisifu kuuza bilioni moja kwa mwaka, lakini risiti haina VRN. Saruji inatozwa VAT, kwa hiyo ama anatia chumvi kwenye mauzo au anakwepa usajili. Na kama ankara yake imeongeza asilimia 18, usilipe kabla hajakuonyesha cheti cha usajili wa VAT.

Ila mfanyabiashara wa mahindi ghafi anaweza kuuza mabilioni bila VRN, kwa kuwa mazao hayo yamesamehewa. Naye wakili mdogo anayo, maana watoa huduma za kitaaluma husajiliwa bila kujali mauzo.

Akisema anahudumiwa na Idara ya Walipakodi Wakubwa ya TRA, hiyo ni dalili nzito zaidi ya ukubwa. Faida au madeni yake, tafuta kwenye hesabu zilizokaguliwa.