Somo: Kusoma rangi ya chipsi, viazi vya oveni na tosti (na ile akrilamidi mnayoniuliza kila siku)

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne kama chipsi za kahawia ni sumu. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia hili.

Akrilamidi, ile kemikali inayoshukiwa kuleta kansa, haitiwi na mtu. Inajitengeneza ndani ya kiazi pale asparajini, ambayo kiazi kinayo kwa wingi, inapokutana na sukari kama glukosi kwenye joto linalozidi nyuzi 120 hivi. Kemia hiyohiyo ndiyo inayoleta rangi na ile harufu inayokuita kutoka barabarani. Ndiyo maana rangi ni kipimo chako. Kuchemsha hakufiki huko: hapa Arusha maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi.

Hatua ya 1: Viazi vyenyewe. Hapa ndipo nilipoharibu. Kabla ya Krismasi moja nilinunua viazi vingi soko la Kilombero, nikaogopa vitachipua, nikajaza friji. Wiki mbili baadaye nikakaanga kwa oda ya mtu. Dakika mbili tu zimekuwa kahawia, nikimega moja katikati ni mbichi, inalia kama karoti. Nikapunguza moto, zikaiva, lakini rangi ikawa ya mti na ncha nyeusi. Nikalaumu mafuta, nikamwaga lita nzima bure. Mafuta hayakuwa na kosa. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali hugeuza wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo iliyokuwa ikikosekana ili akrilamidi ipatikane kwa wingi. Onyo: rangi ikitangulia kuiva, tatizo ni kiazi. Usiendelee kukaanga "ziive vizuri". Toa, viazi vilivyobaki vipike rosti au mchemsho. Kuviacha nje wiki mbili tatu hupunguza sukari, ila si yote.

Hatua ya 2: Menya, kata vinene na vilingane. Vyembamba huungua kwanza.

Hatua ya 3: Loweka maji baridi dakika 15 hadi 30, mwaga, kausha kwa kitambaa la sivyo mafuta yatakurukia. Maji huondoa sukari ya juu tu, hayaokoi kiazi cha friji.

Hatua ya 4: Kaanga mafuta yasizidi nyuzi 175. Toa zikiwa za dhahabu, manjano ya ndizi iliyoanza kuiva. Tazama ncha na kingo, ndizo zinazotangulia. Mafuta yaliyochoka hupaka chipsi weusi wake, hapo rangi itakudanganya.

Hatua ya 5: Viazi vya oveni: chemsha kidogo kwanza, acha vipande vikubwa, toa vikiwa vya dhahabu.

Hatua ya 6: Tosti: dhahabu hafifu. Ikiungua, kwangua weusi au kata.

MASWALI

Kijana wa Njiro: Kwa hiyo chipsi zinaleta kansa, ndiyo au hapana?

Jibu: Umesoma kichwa cha habari tu. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kundi la "huenda inasababisha", hasa kutokana na wanyama wa maabara. Waswidi wakaikuta kwenye vyakula mwaka 2002. Tafiti za watu hazijaonyesha uhusiano ulio thabiti. Sahani moja haikuui. Kupunguza hakukugharimu kitu, ndiyo hoja yangu.

Baba Moshi: Mimi nakaanga mpaka nyeusi miaka 20, sijaumwa.

Jibu: Sawa.

Mama Sakina: Shikamoo mwalimu. Mkate wa maziwa unabadilika rangi haraka kuliko wa kawaida. Una akrilamidi zaidi?

Jibu: Marahaba dada, hili ndilo swali. Si lazima. Kwenye kiazi asparajini imejaa, kinachokosekana ni sukari, ndiyo maana sukari ikiongezeka mambo yanaharibika. Kwenye ngano ni kinyume: asparajini ndiyo chache, hivyo sukari ya mkate inaleta rangi kuliko inavyoleta akrilamidi. Linganisha mkate na wa aina yake tu. Na mkate wa ngano nzima una rangi tangu mwanzo: weka kipande kibichi pembeni, soma tofauti.

Kijana wa Njiro: Sina kipimajoto.

Jibu: Tumbukiza chipsi moja. Ikizama, ikapanda polepole na mapovu ya wastani, weka nyingine. Ikiruka juu na kupiga kelele papo hapo, punguza gesi. Ni makadirio, si kipimo.

Mama Sakina: Na vile vya kijani?

Jibu: Hiyo ni sumu nyingine, solanini, inatokana na mwanga. Haihusiani na rangi ya kukaanga na haiondoki kwa kuchemsha. Kata sehemu yote ya kijani, ikizidi tupa. Mimi sasa naweka gunia chini ya ngazi, gizani, juu ya mbao ili hewa ipite. Nanunua cha wiki moja tu.